Maumivu Yanayoshuka Kutoka Takoni

Tuseme mkulima wa Machochwe, wilayani Serengeti, ameinama kunyanyua gunia la mahindi, kiuno kikashtuka. Siku chache baadaye maumivu yanamchoma kama shoti ya umeme kutoka takoni, nyuma ya paja, hadi ukingo wa nje wa unyayo na kidole kidogo. Akikohoa, yanazidi. Mguu unamsumbua kuliko kiuno chenyewe.

Hapo mguu hauna kosa. Kati ya pingili za mgongo kuna diski, na ute wa katikati ukipenya nje huubana na kuuchokoza mzizi wa neva inayoshuka mguuni. Hii ndiyo siatika. Njia ya maumivu huonyesha mzizi ulioguswa. Yakiishia kidole kidogo, mara nyingi ni mzizi wa chini kabisa kati ya miwili inayoathirika zaidi, na mgonjwa hushindwa kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo. Yakielekea kidole gumba, mzizi wa juu yake ndio unaoshukiwa, na kutembea kwa kisigino huwa kugumu. Mganga humlaza chali na kuuinua mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakichoma hadi chini ya goti kabla mguu haujafika nyuzi 70, shaka huongezeka. Eksirei haisaidii sana, kwa kuwa huonyesha mifupa, haionyeshi neva.

Mara nyingi mwili hujitibu. Chembe za kinga huumeng'enya ute uliotoka, na wagonjwa wengi hupata nafuu kati ya wiki 6 na 12. Kulala kitandani hakuharakishi kazi hiyo. Mkulima wetu atembee kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, abadili mkao kabla kiuno hakijakaza, na magunia na plau awaachie wengine kwa muda. Maumivu yakianza kupanda kutoka unyayoni kurudi kiunoni, kwa kawaida ni dalili njema, hata kama kiuno kinauma zaidi.

Lakini zipo dalili zisizosubiri. Homa, jasho la usiku na kukonda huweza kumaanisha kifua kikuu cha mgongo, au bruselosi, ugonjwa unaowapata wafugaji na wanaokunywa maziwa mabichi. Unyayo unaoanza kuburuta nao unahitaji daktari haraka.

La hatari kuliko yote ni ganzi kati ya mapaja, sehemu inayogusa tandiko mtu akipanda punda, pamoja na mkojo kukataa kutoka au haja kubwa kutoka bila kujua. Neva za kibofu zimebanwa, na zikichelewa kufunguliwa kwa upasuaji huenda zisirudi tena. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitalini Mugumu saa hiyohiyo, hata usiku, ili apewe rufaa. Wengi huona haya kuyataja mambo hayo mbele ya mkwe au mtoto, kwa hiyo anayemuuguza amuulize waziwazi, kila siku, kama mkojo unatoka vizuri.