Wiki nane za mwisho kabla ya Hesabu ya kidato cha nne

Mwanafunzi akibakiza wiki nane kabla ya mtihani wa taifa wa Hisabati, kwa kawaida hukimbilia mada inayomtisha kuliko zote. Ni afadhali aanze kwa kujua alama zake zinapotelea wapi.

Kwa muundo wa NECTA wa miaka ya karibuni, karatasi ina saa tatu na maswali 14, yote ya lazima. Sehemu A ina maswali kumi ya alama 6, na Sehemu B manne ya alama 10. Kwa hiyo mada haikwepeki kwa kuchagua swali jingine.

Wiki ya kwanza, fanya karatasi moja ya zamani kwa saa tatu kamili, kisha isahihishe. Tuseme umepata 38, yaani daraja D. C huanzia 45. Zigawe alama 62 ulizokosa katika mafungu matatu. Labda 19 zimepotea kwa uzembe katika mada unazozijua, 25 kwa maswali uliyoyaanza ukakwama katikati, na 18 kwa maswali uliyoyaacha wazi. Fungu la kati ndilo lipewe muda mwingi, kwa kuwa msingi wake tayari unao.

Wiki ya pili hadi ya tano, shika mada mbili za fungu hilo kila wiki, mathalani duara na vekta, na uzipe theluthi mbili za muda wako. Theluthi inayobaki ni ya mada unazoziweza, maana zikiachwa mwezi mzima hufifia.

Chukua matriki. Umepewa 3x + y = 9 na 4x + 2y = 14. Kitambuzi ni 3 × 2 − 1 × 4 = 2. Ili kupata matriki kinyume, 3 na 2 hubadilishana nafasi, 1 na 4 hugeuka hasi, kisha vyote hugawanywa kwa 2. Jibu ni x = 2, y = 3. Wengi husahau kugeuza alama hizo mbili. Kuweka majibu katika mlinganyo wa pili, 8 + 6 = 14, huchukua nusu dakika na kulifichua kosa.

Wiki ya sita, gusa fungu la maswali uliyoyaacha wazi, lakini chagua mada moja au mbili tu zenye hatua zinazojirudia, kama hesabu za biashara.

Wiki ya saba, fanya karatasi mbili nzima. Jipe dakika kumi kwa swali la Sehemu A na 18 kwa la Sehemu B. Zitabaki dakika nane za kukagua. Linganisha mafungu na yale ya wiki ya kwanza: fungu la kati lisipopungua, ulikuwa unasoma mifano iliyokwisha kufanywa badala ya kukokotoa mwenyewe.

Wiki ya nane usianze mada mpya. Rudia maswali uliyowahi kuyakosa, daftari likiwa limefungwa.