Picha ya WhatsApp kwenye bango la mita tatu

Mzee amefariki, mazishi ni keshokutwa, na familia inataka bango la kuweka getini. Mzee hakuwa mtu wa kwenda studio, kwa hiyo picha yake nzuri kuliko zote ni ile ya harusi ya mjukuu: amesimama katikati ya watu wanane, anatabasamu. Mtu mmoja anaitupia kwenye grupu la familia, mwingine anaipakua, anaikata ibaki sura ya mzee peke yake, kisha anaituma kwa fundi wa mabango Kariakoo. Jioni bango linafika. Uso umejaa miraba, ukingo wa kofia umekuwa kama ngazi, macho hayasomeki. Lawama zinamwangukia fundi na mashine yake, wakati mara nyingi mashine imechapa kilekile ilichopewa. Picha iliharibikia njiani, na sehemu kubwa ya uharibifu huo ingezuilika.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mtu hukuza picha kwa kubahatisha. Picha ya kidijitali ni kama sakafu ya vigae vidogo, kila kimoja kikiwa na rangi yake moja. Vigae hivyo ndivyo pikseli. Ukitandaza picha ileile juu ya eneo kubwa zaidi, idadi ya pikseli haiongezeki. Kila moja inanenepa tu. Swali la kujiuliza, basi, ni kila pikseli itakuwa na upana wa milimita ngapi juu ya bango, na mtazamaji atasimama wapi.

Jicho lisilo na kasoro, likiwa mita moja kutoka ukutani, haliwezi kutenganisha vitu vilivyoachana kwa chini ya takriban milimita 0.3. Ukisogea nyuma, kipimo hicho hukua sawasawa na umbali. Kwa matumizi ya kawaida inatosha kukumbuka hivi: pikseli yenye upana wa milimita moja hupotea machoni mtu anapofika kama mita tatu na nusu. Chukua upana wa pikseli kwa milimita, zidisha kwa 3.5, na utapata umbali wa mita ambapo miraba haionekani tena. Hapa pia ndipo inapotoka ile namba 300 ambayo mafundi wengi huidai, yaani pikseli 300 kwa kila inchi. Ni sahihi kwa kadi au jarida unaloshika mkononi, umbali wa sentimita 30. Kwa bango la getini ni kudai kitu ambacho hakuna jicho litakalokiona.

Sasa turudi kwa mzee. Tuseme bango lina upana wa mita tatu, na fremu ya picha yake ina upana wa sentimita 90. Picha ya harusi ilipigwa kwa simu ya kawaida ya megapikseli 12, yaani pikseli 4000 kwa 3000. Katika picha hiyo ya watu wanane, kichwa na mabega ya mzee vimechukua upana wa pikseli 1000. Gawanya milimita 900 kwa 1000: kila pikseli itakuwa na milimita 0.9, na mtu aliyesimama mita tatu na kidogo hataona mraba wowote. Picha hiyo inafaa.

Lakini familia haikupeleka hiyo. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza hadi upande mrefu ubaki na pikseli 1600 hivi. Sura ya mzee iliyokuwa na pikseli 1000 imebaki na 400. Kila pikseli sasa ina milimita 2.25, na mtazamaji anatakiwa kusimama karibu mita nane ili isimsumbue. Waombolezaji wanaopita getini watakuwa mita mbili kutoka kwake.

Na hilo bado si baya zaidi. Picha za aina ya JPG hubanwa kwa kukatwa vipande vya pikseli nane kwa nane, na kila kipande hubanwa peke yake. Picha ikibanwa kidogo, mipaka ya vipande hivyo haionekani. Ikibanwa sana, kama inavyotokea inapotumwa kutoka grupu moja hadi jingine, mipaka hujitokeza. Kwenye bango letu, kipande kimoja kitakuwa na upana wa milimita 18, karibu sentimita mbili. Miraba hiyo mikubwa ndiyo watu wanayoiona wakasema picha imepasuka. Pikseli zenyewe ni ndogo mara nane kuliko hiyo. Unaweza kuitambua kabla ya kuchapa: ikuze picha kwenye kompyuta, kisha angalia sehemu zisizo na mambo mengi, kama paji la uso, anga au ukuta wa nyuma. Ukiona mistari iliyonyooka inayokata ngozi kwa viboksi vya ukubwa mmoja, hapo ni mbano.

Ndiyo maana kazi ya kwanza haiko kwenye kompyuta kabisa. Mtafute aliyepiga picha ile. Si aliyeituma kwenye grupu, bali mwenye simu iliyoipiga, na umwombe aitume kwa WhatsApp kama Document, si kama picha. Ikienda kwa njia hiyo hufika kama ilivyo, bila kupunguzwa. Barua pepe au flashi pia zinafaa. Usikubali picha ya skrini, kwa sababu hiyo hubeba pikseli za skrini tu, pamoja na uharibifu wote uliokwisha kutokea. Kama iliyopo ni picha ya karatasi, usiipige tena kwa simu chini ya taa ya sebuleni. Ipeleke kwenye skana ya mezani na uagize 600 dpi. Kupandisha zaidi ya hapo kwa picha ya kawaida ya studio huongeza ukubwa wa faili na punje za karatasi, lakini sura haizidi kuwa wazi.

Ukishapata picha bora inayopatikana, ndipo uikuze. Nitaeleza kwa GIMP, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye kompyuta. Photoshop ina zana zinazolingana nazo. Kama huna budi kutumia nakala ya WhatsApp, safisha miraba ya mbano kwanza, kabla ya kukuza, maana ukikuza kwanza unaikuza nayo. Nenda Filters > Blur > Selective Gaussian Blur. Zana hii hulainisha maeneo yenye rangi zinazokaribiana, kama shavu, na kuiacha mipaka mikali, kama ukingo wa jicho. Anza na radius ndogo, 2 au 3, na Max. delta ya chini, kisha pandisha Max. delta polepole hadi miraba ififie huku mikunjo ya uso ikiendelea kuonekana. Mzee akianza kufanana na sanamu ya nta, umezidisha.

Kisha nenda Image > Scale Image. Kwa fremu yetu ya sentimita 90, upana wa pikseli 3600 unatosha kabisa, kwani kila pikseli inakuwa robo ya milimita. Kwenye Interpolation chagua NoHalo. Kompyuta itajaza nafasi katikati ya pikseli za zamani kwa rangi zinazopita polepole kutoka moja hadi nyingine, na zile ngazi za ukingo wa kofia zitageuka mstari laini. Hapa watu wengi hukosea kwa namna moja: wanafungua Print Size, wanabadili 72 kuwa 300, wanafurahi. Hawajaongeza hata pikseli moja. Wameandika tu maelezo mapya juu ya picha ileile.

Ni lazima kusema ukweli kuhusu hatua hii: haileti kitu ambacho kamera haikukiona. Kope zisizokuwemo hazitazaliwa. Kinachotokea ni kwamba miraba inageuka ukungu mwepesi, na jicho la binadamu husamehe ukungu wa mbali kuliko linavyosamehe mraba. Baada ya kukuza, rudisha ukali kidogo kwa Filters > Enhance > Sharpen (Unsharp Mask), radius kama 3 na amount karibu 0.5. Angalia kola ya shati: ukiona uzi mweupe unaoizunguka, punguza, maana uzi huo utakuwa wa milimita kadhaa kwenye bango. Mwisho nyunyiza chembe kidogo sana kwa Filters > Noise. Ngozi iliyokuzwa huonekana kama plastiki, na chembe hizo huipa tena hali ya picha.

Maandishi yasiguswe na haya yote. Jina la mzee, tarehe zake na nembo ya kanisa au msikiti havipaswi kuandikwa ndani ya picha. Viwekwe kwenye Inkscape, CorelDRAW au Illustrator, ambako herufi huhifadhiwa kama michoro inayokuzwa bila kikomo, kisha vitolewe kama PDF. Herufi zilizochongeka vizuri hulibeba bango zima. Jicho huzishika kwanza, na ulaini wa picha iliyo kando yake haumsumbui mtu.

Na kama nakala yenye pikseli 400 ndiyo pekee iliyopo duniani? Punguza fremu. Ukiifanya sentimita 50 badala ya 90, kila pikseli ya asili inakuwa milimita 1.25, na umbali unaohitajika unashuka kutoka karibu mita nane hadi mita nne na nusu hivi. Ondoa pia mandhari ya nyuma, uweke rangi moja tulivu, kwa sababu mbano huonekana zaidi kwenye kuta na anga. Jina lipewe nafasi iliyobaki. Bango la namna hii lina heshima kuliko uso wa mita mbili uliovunjikavunjika.

Kabla ya kulipa, jaribu. Kata kipande cha macho na pua chenye upana wa sentimita 20 katika ukubwa wake halisi, kichape kwenye A4 bila kuruhusu printa ikipunguze, kibandike ukutani na usimame mahali watu watakaposimama. Bora zaidi, mwombe fundi achape kipande hicho pembeni mwa kazi nyingine, kwenye turubai lenyewe, kwa sababu wino juu ya turubai haukai kama juu ya karatasi. Faili la mwisho lipeleke kwa flashi, na mwambie fundi wazi kwamba picha imekwisha kukuzwa, asiikuze tena.

Nawe msomaji, kama simu iliyopiga ile picha ya harusi ni yako, usiifute kwa kudhani kwamba iko salama kwenye grupu. Iliyoko kwenye grupu ni ile ya pikseli 1600.