Lebo ya maneno muhimu

Lebo ya maneno muhimu ni mstari wa msimbo wa HTML unaowekwa katika sehemu ya kichwa cha ukurasa wa tovuti ili kuorodhesha maneno yanayohusu ukurasa huo. Msomaji haioni orodha hiyo kwenye kivinjari. Husomwa na programu tu. Kwa mfano:

```html
<meta name="keywords" content="mizinga ya nyuki, bei ya mzinga, asali mbichi">
```

Zamani injini za utafutaji ziliitumia kujua ukurasa unahusu nini. Siku hizi Google haiitumii kabisa katika kupanga matokeo.

== Historia ==

Katikati ya miaka ya 1990 injini kama AltaVista na Infoseek zilisoma lebo hiyo. Wakati huo kurasa nyingi zilikuwa fupi, na mwenye tovuti alidhaniwa kuwa ndiye anayejua vizuri zaidi maudhui yake.

Udhaifu wake ulitokana na kwamba orodha haionekani. Mtu aliyeandika uongo katika maandishi ya kawaida aligunduliwa na wasomaji wake, lakini aliyeandika uongo katika lebo hakuonwa na yeyote. Basi wengine walirudia neno moja mara nyingi, wengine waliweka maneno yanayotafutwa sana yasiyohusu ukurasa wao, na wengine waliandika majina ya biashara za washindani. Nchini Marekani jambo hili la mwisho lilifikishwa hata mahakamani kama kesi za alama za biashara.

AltaVista iliacha kuisoma lebo hiyo mwaka 2002. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipanga matokeo kwa kuangalia maandishi yanayoonekana pamoja na viungo kutoka kurasa nyingine, yaani mambo ambayo ni magumu zaidi kughushi. Tarehe 21 Septemba 2009 ilitangaza rasmi kwamba haitumii lebo ya maneno muhimu katika kupanga matokeo ya utafutaji wa wavuti.

== Namna ya kuthibitisha ==

Neno la kubuni lisilopatikana popote huwekwa ndani ya lebo tu, katika ukurasa ambao tayari unaonekana kwenye matokeo. Injini ikishausoma upya ukurasa huo, neno hilo hutafutwa. Ukurasa usipotokea, lebo haikusomwa kwa ajili ya utafutaji. Neno hilohilo likihamishiwa ndani ya aya, ukurasa hutokea baada ya kusomwa tena.

Kuifuta lebo hakuongezi wala hakupunguzi nafasi ya ukurasa kwenye Google. Ila ikibaki, mshindani yeyote anaweza kufungua msimbo wa ukurasa na kusoma orodha nzima.

== Matumizi ya orodha ya maneno ==

Orodha yenyewe bado ina faida kama mpango wa uandishi. Chukua muuzaji wa vifaa vya ufugaji nyuki mwenye orodha hii: mizinga ya nyuki, bei ya mzinga, mzinga wa kisasa, jinsi ya kutengeneza mzinga, vipimo vya mzinga, asali mbichi, bei ya asali.

Hatua ya kwanza ni kuyagawa maneno kufuatana na haja ya anayetafuta. Hapa yanapatikana makundi matatu: anayetaka kununua mzinga, anayetaka kuutengeneza mwenyewe, na anayetaka asali. Kila kundi huhitaji ukurasa wake, kwa sababu anayetafuta vipimo vya mbao hasaidiwi na orodha ya bei.

Hatua ya pili ni kuyaweka maneno mahali panapoonekana. Ukurasa wa kundi la kwanza unaweza kuanza hivi:

```html
<title>Bei ya mizinga ya nyuki ya kisasa</title>
<h1>Mizinga ya nyuki ya kisasa na bei zake</h1>
```

Kisha aya ya kwanza hutaja bei zenyewe, na kiungo kinachoelekea ukurasa wa pili huandikwa "jinsi ya kutengeneza mzinga" badala ya "bonyeza hapa". Maneno "mzinga" na "mizinga" yote hutumika panapofaa, kwa kuwa watu hutafuta kwa umoja na kwa wingi.

Neno lisilo na ukurasa wa kulijibu huachwa mpaka ukurasa huo uandikwe. Kulirundika chini ya ukurasa, au kulificha kwa rangi inayofanana na mandharinyuma, ni kurudia kosa lililoiua lebo. Google huhesabu mambo hayo kuwa udanganyifu na inaweza kuushusha ukurasa au kuuondoa.

Baada ya wiki kadhaa, ripoti ya Google Search Console huonyesha maneno ambayo watu waliyaandika mpaka ukurasa ukatokea. Ikiwa ukurasa wa bei unatokea kwa "vipimo vya mzinga" lakini haubonyezwi, basi ukurasa wa vipimo haupo au haujaunganishwa vizuri.