Tulikosea deklarasyo ya kodi, tukairudilia wenyewe

Sisi watu wa sendika tunazoea kukagua fishi za mushahara za makampuni ya mugodi. Safari hii kosa lilikuwa ku buro yetu wenyewe.

Mu buro tuko na sekretere mumoja tunayemulipa kila mwezi. Maana yake, mbele ya sheria sisi ni mwajiri: mu mwaka 2023 tulikuwa tunakata IPR, kodi ya mushahara, na kuilipa ku DGI kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mu mwezi wa 12 mwaka 2023 tulimupa mushahara wake wa faranga 900.000, na mukononi tukamuongezea primi ya 200.000 juu ya sikukuu. Mu deklarasyo tuliandika 900.000 tu. Tuliona kosa mu mwezi wa 3, wakati wa kulinganisha kitabu cha pesa na kopi za deklarasyo. Pesa iliyotoka mu kasha haikuwa sawa na ile tuliyotangaza.

Mwenzetu mumoja wa komite akasema: "Tuiongeze mu deklarasyo ya mwezi huu, kisha iishe." Tulikataa. Kila mwezi uko na deklarasyo yake. Ukiweka primi ya mwezi wa 12 mu mwezi wa 3, unabaki na makosa mawili: mwezi moja umepunguzwa, mwengine umepandishwa bila sababu.

Kwanza tulipiga hesabu. Ku 200.000 tulitoa 5% ya CNSS ya mufanyakazi, ni 10.000, ikabaki 190.000. Mushahara wake ulikuwa tayari mu ngazi ya 15%, kwa hiyo kodi ni 28.500. Mama sekretere yuko na watu 4 anaotunza, na kila mumoja alikuwa anapunguza kodi kwa 2%. Tukatoa 8%, ni 2.280. Kodi iliyokosekana ni faranga 26.220.

Kisha tuliandika deklarasyo mupya ya mwezi wa 12, na juu yake tukaandika waziwazi kama ni ya kusahihisha. Ndani tuliweka mushahara muzima, 1.100.000, si ile 200.000 peke yake. Tukaonyesha kodi yote ya mwezi, tukatoa ile tuliyolipa mbele, na chini ikabaki 26.220. Ukiweka tofauti tu, agenti anaweza kufikiri ni mufanyakazi wa pili. Tuliongeza barua fupi: kosa ni gani, tulilionaje, nani anajibu. Tuliambatanisha kopi ya deklarasyo ya kwanza na karatasi ya primi yenye sinyatire ya sekretere. Pesa tulilipa ku banki, na kopi yetu tuliigongesha muhuri wa kupokea. Bila ule muhuri, kesho hauna namna ya kuonyesha kama ulikuja wewe mwenyewe.

Na njo pale pana uzito. Kujitangaza kuko na maana kama barua ya ukaguzi haijafika. Ikiisha kufika, unachosahihisha kinaonekana kama kitu walichokukuta nacho, na penalite ya kupunguza deklarasyo inakungojea. Lakini tusidanganyane: kujitangaza hakufuti riba ya kuchelewa. Ile inahesabiwa kwa mwezi, tangu siku ya kulipa ilipopita, yaani tarehe 15 ya mwezi wa kwanza. Kungoja mwezi ingine ni kuongeza deni.

Nani alipe? Hapa komite ilibishana sana. Tulikubaliana hivi: 26.220 ni kodi ya mufanyakazi, na tulimukata mu myezi miwili kisha kuongea naye. Riba ni ya mwajiri. Yeye hakuchelewa, sisi njo tulichelewa. Makampuni mengine yanamubebesha mufanyakazi vyote viwili mu fishi moja, chini ya neno "regularizasyo". Ukiona lile neno ku fishi yako, omba wakutenganishie kodi na riba.

Ku CNSS tulipeleka vilevile deklarasyo ya kusahihisha: 10.000 ya mufanyakazi na 26.000 ya mwajiri, maana sehemu yetu ni 13%. Watu wengi wanasahau hapa, juu wanaogopa DGI peke yake. Lakini pansyo inapigwa juu ya mushahara uliotangazwa. Primi isiyotangazwa haiko mu hesabu ya uzee wake.

Mama sekretere alituuliza neno moja tu: "Na primi ya mwaka wa mbele, mulitangaza?" Tulirudi mu makaratasi ya 2022. Hatukutangaza. Tulianza deklarasyo ingine siku ileile.