Mvi na chai ya rangi: Tarajia kahawia, si weusi

Bariadi. Mvi za kwanza zinapochomoza karibu na masikio, wengi hukimbilia piko. Lakini kuna mama ambaye piko imemkataa: kichwa kinawasha, kope zinavimba, nyuma ya masikio panatoa majimaji. Mara nyingi chanzo ni kemikali iitwayo PPD, na mwili ukishaikataa, kwa kawaida hauikubali tena. Mama wa aina hiyo, hapa Somanda au kwingine, ndiye mwenye sababu ya kujaribu chai.

Chai haifanyi kazi kama piko. Piko hupenya ndani ya unywele na rangi hujitengeneza humo. Rangi ya chai hubaki juu ya unywele, kama inavyobaki kwenye kikombe cheupe. Ndiyo maana huonekana kwenye mvi tu. Nywele nyeusi zitabaki kama zilivyo, kwa sababu chai haiondoi weusi.

Kabla ya kupaka kichwa kizima, jaribu kwanza. Chemsha vijiko vitatu vya chakula vya majani ya chai kwa vikombe viwili vya maji, dakika kumi, bila sukari wala maziwa. Chuja, acha ipoe kabisa. Chukua mvi zilizobaki kwenye kitana, zioshe kwa shampuu kuondoa mafuta, kisha ziloweke kwa nusu saa. Suuza, kausha, zitazame juani. Utaona kahawia hafifu, pengine yenye unjano. Ukiridhika, hiyo ndiyo rangi utakayopata kichwani.

Kichwani, anza na nywele safi zenye unyevu. Inamia beseni, mimina chai, ikinge na uirudie mara kadhaa, funga mfuko wa plastiki nusu saa, kisha suuza kwa maji ya baridi bila shampuu. Tumia taulo la zamani. Nywele zilizowekwa dawa hunywa rangi zaidi, hivyo zinaweza kutoka mabakamabaka.

Kahawa nyeusi hufanya kazi hiyohiyo, ikiwa na kahawia iliyokolea kidogo. Bitiruti ndiyo inayodanganya zaidi. Ikiwa mbichi, mvi hugeuka waridi, lakini rangi yake huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na joto na mwanga. Mara nyingi itaishia kwenye foronya kabla ya wiki kwisha.

Chai na kahawa nazo hufifia baada ya kuosha nywele mara moja hadi tatu. Kama una harusi Jumamosi, paka Ijumaa jioni, na mvua ikikukuta njiani usishangae kola ya gauni ikibadilika rangi.

Kama piko iliwahi kukuvimbisha uso, usiirudie hata kidogo. Ukipata uvimbe wa midomo au kupumua kwa shida, nenda hospitali mara moja.