Sifuri ya Matai: Waraka wa Dashibodi ya Mauzo Unapaswa Kusema Nini

Uwanda wa Ufipa una msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Biashara ya pembejeo mkoani Rukwa hufuata mvua hizo. Mbolea ya kupandia, hasa DAP, hutoka stoo mvua zinapokaribia na kuanza, na ya kukuzia, kama UREA na CAN, hufuata wiki kadhaa baadaye mahindi yakishasimama. Tuchukue mfano wa kubuni wa duka la jumla lenye stoo kuu Sumbawanga mjini na matawi Laela, Matai na Mtowisa. Mwenye duka amenunua mfumo unaokusanya risiti za matawi yote na kuzionyesha kwenye dashibodi, yaani kurasa chache za michoro na namba zinazofunguka kwenye simu au kompyuta. Sasa anawaandikia wafanyakazi waraka. Waraka wa namna hii mara nyingi husema mfumo unaanza Jumatatu, kila mtu ataingia kwa nywila yake, ukurasa wa kwanza ni wa mauzo, wa pili wa ulinganisho, wa tatu wa stoo, wa nne wa madai, na mwenye swali amwone fundi wa kompyuta. Waraka huo umetaja milango ya nyumba bila kusema ndani kuna nini. Dashibodi ni chombo cha kupimia, na anayekabidhi chombo cha kupimia anadaiwa mambo matatu kwa kila namba: inahesabu nini, haioni nini, na nani anaijibia.

Hitaji hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1786 Mskoti William Playfair alichapisha London kitabu cha michoro ya biashara ya Uingereza na nchi nyingine, na ndicho kinachohesabiwa kuwa chanzo cha michoro ya mistari na ya nguzo tunayoiona leo katika taarifa za mauzo. Playfair hakuwaachia wasomaji michoro mitupu, bali aliiambatanisha na maelezo ya namna ya kuisoma, kwa kuwa hawakuwa wameizoea. Alipofika kwenye biashara ya Skotlandi hakuwa na takwimu za miaka mingi, ila za mwaka mmoja tu. Hakuchora mstari wa kupanda na kushuka ambao takwimu zake zisingeweza kuubeba, akachora nguzo kwa kila nchi iliyofanya biashara na Skotlandi. Umbo la mchoro lilitii mipaka ya takwimu, na waraka mzuri humwambia mfanyakazi mipaka hiyo iko wapi.

Tuanze na ukurasa wa mauzo, unaoonekana rahisi kuliko yote. Neno mauzo linaweza kumaanisha mifuko iliyotoka, fedha iliyopokelewa, au thamani yote ya bidhaa pamoja na sehemu ambayo mteja hakulipa. Mpango wa ruzuku ya mbolea ulioanza msimu wa 2022/23 unaonyesha tofauti hiyo ilivyo kubwa. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, ambao bila ruzuku ungeuzwa takriban shilingi 131,000, mkulima aliyesajiliwa aliupata kwa 70,000, na tofauti ikabebwa na serikali. Tawi likiuza mifuko 100 kwa bei hizo, mfumo unaohesabu fedha ya kaunta utaandika shilingi milioni 7, na unaohesabu thamani yote utaandika milioni 13.1. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyekosea kuhesabu. Lakini mhasibu anayesoma namba ya pili na muuzaji anayesoma ya kwanza watagombana asubuhi nzima juu ya pengo la karibu nusu. Sentensi moja ya waraka ingewaokoa: “Mauzo kwenye ukurasa huu ni fedha aliyolipa mteja; sehemu ya ruzuku haimo, iko ukurasa wa madai.” Kwa sababu hiyohiyo, idadi ya mifuko inapaswa kusimama kando ya shilingi, maana mfuko haubadiliki ukubwa sera ya bei inapobadilika.

Ukurasa wa pili ni wa ulinganisho, na mitego yake imo katika hali ya hewa ya Ufipa yenyewe. Mifumo mingi huja ikiwa imepangwa kulinganisha mwezi huu na mwezi uliopita. Kwa duka la sukari na sabuni hilo laweza kufaa. Kwa DAP, Februari itakuwa chini ya Desemba kila mwaka hata biashara ikiwa imekua maradufu, kwa sababu kupanda kumekwisha. Ulinganisho wa haki ni msimu kwa msimu, nao una tatizo lake. Tuseme hadi tarehe 10 Desemba msimu uliopita tawi la Laela lilikuwa limeuza mifuko 400, na msimu huu limeuza 260. Dashibodi itaonyesha mshale mwekundu na upungufu wa asilimia 35. Kama mvua za msimu huu zimechelewa wiki mbili, upungufu huo unaweza kuwa ucheleweshaji tu, na ifikapo tarehe 24 jumla ikawa imefika 410. Dawa ni mchoro wa jumla inayojikusanya tangu mwanzo wa msimu, wenye alama ya siku mvua za kupandia zilipoanza kila eneo. Mistari ya misimu miwili ikifanana umbo na mmoja ukawa umesogea kulia, msimu umechelewa. Mstari ukibaki umelala hata baada ya wiki kadhaa za mvua, hapo ndipo pa kuuliza wateja wamekwenda wapi. Waraka useme pia kwamba Mtowisa haipimwi kwa kipimo cha Laela. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na bonde la Ziwa Rukwa liko chini yake kwa takriban mita 1,000. Kule bondeni ni joto zaidi, mpunga una nafasi kubwa, na kalenda ya pembejeo si ileile.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote, hata hivyo, limejificha kwenye ukurasa wa stoo. Mfumo wa mauzo huandika kilichouzwa, wala hauandiki kilichotafutwa kikakosekana. Wataalamu wa takwimu huita hali hii takwimu zilizokatwa: mahitaji yanaonekana hadi kufikia kiasi cha bidhaa kilichopo, na yanayozidi hapo hayaachi alama. Tuseme tawi la Matai lilipokea mifuko 60 ya DAP Jumatatu asubuhi, likauza 20 kwa siku, na jioni ya Jumatano stoo ikawa tupu. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi dashibodi inaonyesha sifuri. Wastani wa siku sita za kazi ni mifuko 10 kwa siku. Afisa manunuzi wa Sumbawanga akiusoma wastani huo ataona mahitaji ya Matai ni mifuko 60 kwa wiki, atatuma 60 tena, na Jumatano stoo itakuwa tupu tena. Wiki ya tatu namba zitakuwa zilezile, naye atasema makadirio yake yamethibitika. Yamethibitika kwa sababu yeye ndiye aliyeweka dari ambayo mauzo yasingeweza kuivuka. Katikati ya msimu wa kupanda, mkulima aliyekosa DAP hasubiri ripoti: atanunua kwingine au atapanda bila mbolea.

Dalili ya ugonjwa huu inaonekana kwa urahisi kwa anayejua kuitafuta: mauzo ya wiki yanayolingana kabisa na mzigo uliopokelewa, yakifuatiwa na sifuri mfululizo. Waraka ueleze kwamba wastani hupatikana kwa kugawanya mauzo kwa siku ambazo bidhaa ilikuwepo, si kwa siku zote. Kwa Matai hiyo ni mifuko 60 kwa siku 3, yaani 20 kwa siku. Nayo si namba ya mwisho. Kama Jumatatu au Jumanne ilikuwa siku ya gulio, kasi hiyo itazidi ya siku za kawaida. Na mteja aliyerudi mara mbili akiuliza anaweza kuhesabiwa kama wawili. Ndiyo maana muuzaji anaombwa kuandika idadi ya mifuko iliyoulizwa ikakosekana, na namba hiyo isomwe kama dalili tu. Jambo jingine la lazima ni kutenganisha sifuri tatu: duka lilikuwa na mbolea na hakuna aliyenunua, duka halikuwa na mbolea, duka liliuza lakini mtandao ulikatika na risiti hazijafika Sumbawanga. Ya kwanza inahusu soko, ya pili manunuzi, ya tatu mawasiliano. Mfumo unaozichora zote kwa rangi moja haujakamilika, na hadi urekebishwe waraka uwaelekeze wasomaji waangalie kwanza saa ya taarifa ya mwisho ya tawi.

Hapo ndipo suala la nani aulizwe linapopata uzito wake. Fundi wa kompyuta anaweza kurejesha nywila na kueleza kwa nini ukurasa haufunguki, lakini hana sababu ya kujua kama ruzuku imo ndani ya mauzo. Waraka ugawe maswali kwa aina: ukurasa usiofunguka ni wa fundi, namba isiyolingana na kitabu cha tawi ni ya mtunza stoo au mhasibu, kutegemea kama ni mifuko au shilingi, maana ya kipimo na mabadiliko yake ni ya afisa mauzo. Kila mmoja awe na wa kumkaimu, kwa kuwa swali la stoo haliwezi kungoja likizo iishe wakati wakulima wanapanda.

Wapo watakaosema waraka wenye yote haya utakuwa mrefu na hautasomwa. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini linahusu mpangilio kuliko yaliyomo. Kurasa nne za dashibodi zikipewa aya fupi nne, kila moja yenye majibu matatu yaleyale, zinaingia kwenye karatasi moja, na aya hizo zinaweza kunakiliwa juu ya kila ukurasa wa mfumo wenyewe. Pingamizi la pili ni kwamba kukiri mipaka ya namba kutawafanya wafanyakazi waidharau dashibodi. Uzoefu wa vipimo vingine hauonyeshi hivyo: hakuna anayeidharau mizani kwa kuambiwa isawazishwe kwanza kwenye sifuri. Kinachoua imani ni muuzaji wa Matai kulaumiwa kwa siku tatu za sifuri wakati stoo yake ilikuwa tupu. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alionya mwaka 1975 kwamba kipimo kikigeuzwa kuwa fimbo ya kuongozea watu hupoteza uaminifu wake. Muuzaji atakayehukumiwa kwa mauzo ya siku atajifunza kushikilia risiti za leo hadi kesho, na dashibodi itaonyesha ustadi wake wa kujilinda badala ya soko. Kwa hiyo waraka uwe wazi kama namba hizi zitatumika kupanga mizigo, kulipa bonasi, au vyote viwili.

Kabla ya kuusambaza, mwandishi wa waraka ampe muuzaji mmoja wa tawi karatasi hiyo pamoja na picha ya ukurasa wa stoo wa wiki ile ya Matai, kisha amuulize: mzigo ujao uwe mifuko mingapi? Akijibu 60, waraka uandikwe upya. Akisema karibu 120, na kwamba kwanza angependa kujua siku ya gulio ilikuwa lini, waraka uko tayari kutumwa.