Wali, Ugali na Swali la Kuoanisha

Swali lenyewe halijazi hata nusu ukurasa. Kundi A lina magonjwa manne: beriberi, pelagra, rovu na matege. Kundi B lina virutubisho saba: thiamini, niasini, iodini, chuma, vitamini C, vitamini D na kalsiamu. Mtahiniwa anatakiwa kuandika herufi ya kirutubisho ambacho upungufu wake huleta ugonjwa husika. Majibu yamezidishwa kwa makusudi, ili anayejua magonjwa matatu asiupate wa nne kwa kuangalia tu kilichobaki.

Rovu, uvimbe wa shingoni, huwaponyoka wanafunzi kwa sababu ya jina tu. Pakiti ya chumvi nyumbani imeandikwa madini joto, karatasi ya mtihani inasema iodini, na mtoto hajaambiwa kwamba ni kitu kimoja. Akishaambiwa, hakosei tena.

Beriberi na pelagra ni habari nyingine. Yote mawili yanatokana na vitamini za kundi B, majina yake ni ya kigeni, na anayeyakariri bila kuyaelewa huyabadilishana kila mara. Kuna njia ya kuyatenganisha isiyohitaji kukariri: kuuliza mgonjwa alikuwa akila nini siku zote. Beriberi ni ugonjwa wa walaji wa wali mweupe. Pelagra ni ugonjwa wa walaji wa mahindi.

Habari ya wali ilianzia kwenye banda la kuku. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman alikuwa katika kisiwa cha Java akitafuta kijidudu kinacholeta beriberi, ugonjwa uliokuwa ukiwaua askari na wafungwa. Kuku wake wa maabara wakaanza kulegea miguu na kuanguka, wakifanana na wagonjwa aliowajua. Baadaye, bila dawa yoyote, wakapona. Eijkman alipofuatilia aligundua kwamba kwa kipindi fulani kuku hao walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni kwenye hospitali ya jeshi, hadi alipokuja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wa kiraia chakula cha jeshi. Kuku wakarudishiwa mchele usiokobolewa, na miguu yao ikapata nguvu.

Kilichokuwa kikitupwa mashineni ni pumba, na thiamini, yaani vitamini B1, imo humo. Eijkman mwenyewe alidhani kwanza kwamba wali mweupe una sumu na pumba ndiyo kiuasumu. Ni mwenzake, Gerrit Grijns, aliyesema mwaka 1901 kwamba hakuna sumu yoyote: kuna kitu ambacho mwili unakihitaji na wali mweupe hauna. Mwili hutumia thiamini kugeuza wanga kuwa nguvu. Ikikosekana, neva na moyo huathirika mapema; miguu hufa ganzi na kulegea, na wengine huvimba kwa sababu moyo umeshindwa kazi. Kwa hiyo swali likitaja ganzi ya miguu kwa mtu anayeishi kwa wali mweupe, jibu ni thiamini.

Pelagra huonekana kwanza kwenye ngozi. Sehemu zinazopigwa na jua, yaani mikono, miguu na shingo, hubabuka na kuwa nyeusi, na shingoni alama hiyo huzunguka kama mkufu. Kisha huja kuharisha, na mwishowe akili huchanganyikiwa. Mwanafunzi anayekumbuka ngozi, tumbo na akili ameshika dalili zote kuu.

Kwa muda mrefu madaktari wa Marekani waliamini kwamba pelagra inaambukiza. Dakta Joseph Goldberger hakukubali, kwa kuwa katika vituo alivyotembelea waliougua walikuwa wafungwa, yatima na wagonjwa wa akili, kamwe si wauguzi waliowahudumia. Mwaka 1915, katika shamba la gereza huko Mississippi, wafungwa waliojitolea kwa ahadi ya msamaha walilishwa mahindi, wali mweupe na sharubati ya sukari, bila nyama wala maziwa. Baada ya miezi michache, 6 kati ya 11 walipata pelagra. Kirutubisho chenyewe, niasini au vitamini B3, kilitambuliwa mwaka 1937.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Mahindi yana niasini, ila imefungwa ndani ya punje kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua, na kula dona badala ya sembe hakuondoi kifungo hicho. Watu wa Meksiko, walioanza kulima mahindi zamani sana, huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo huifungua niasini. Zao lilipovuka bahari kwenda mabara mengine, upishi huo haukusafiri nalo. Kinachomlinda mlaji wa ugali ni kitoweo chake: karanga zina niasini nyingi, na mwili unaweza kujitengenezea nyingine kutokana na protini ya maharage, dagaa au maziwa.

Ushahidi wa hilo ulitokea jirani kabisa. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kambini Malawi walikuwa wakipewa mgao wa mahindi pamoja na karanga. Mwaka 1989 karanga zilikatika. Mwaka 1990 wagonjwa wa pelagra waliohesabiwa walizidi 17,000. Mahindi yalikuwepo na matumbo yalishiba. Kilichoondoka sahanini ni karanga tu.

Limebaki swali la matege, na hapa mtunga maswali ndiye aliyekosea. Katika Kundi B ameweka vitamini D na kalsiamu, na zote mbili ni sahihi. Mfupa hugumu kwa kalsiamu, na vitamini D ndiyo inayouwezesha utumbo kuifyonza kutoka kwenye chakula. Ikipungua mojawapo, mifupa ya mtoto hubaki laini na miguu hupinda. Katika miji ya Ulaya iliyofunikwa na moshi wa viwanda kilichokosekana kilikuwa jua, ambalo huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Lakini Nijeria, ambako jua ni tele, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wenye matege walipata nafuu zaidi kwa kupewa kalsiamu kuliko kwa kupewa vitamini D peke yake. Mtahiniwa anayeona zote mbili kwenye karatasi aandike vitamini D, kwa kuwa ndilo jibu la vitabuni. Ila swali la haki lingetaja moja tu, au lingeeleza mtoto anaishi wapi na anakula nini.

Kwa mwalimu wa Arusha kuna jambo la kuongeza. Katika vijiji vinavyozunguka Mlima Meru maji yana floridi nyingi, nayo ikizidi mwilini huweza kupinda miguu ya watoto. Mwanafunzi wa huko anayesoma neno matege humfikiria mtoto anayemjua, ambaye huenda hakukosa jua wala vitamini. Kinachoweza kumpa dokezo ni meno: floridi huyatia madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Uhakika hupatikana kwa picha ya mifupa na vipimo vya damu na vya maji ya kunywa, na mtoto wa namna hiyo anahitaji kwanza maji mengine.